Maboksi 600 kwenye karatasi, 588 kwenye lori: uchambuzi wa kisa cha vigae vya Makambako

Duka lenyewe liko Makambako, pale njia ya Songea inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Ni duka la vifaa vya ujenzi la jumla na rejareja, na mimi ndiye ninayeshika hesabu zake. Tuliagiza kwa msambazaji mmoja wa Dar es Salaam vigae vya sakafu vya sentimita 40 kwa 40: maboksi 400 ya rangi ya krimu na maboksi 200 ya kijivu. Kila boksi lina vigae 12. Bei ilikuwa shilingi 20,000 kwa boksi kabla ya VAT, yaani 23,600 ukiongeza asilimia 18. Ankara nzima ilisoma shilingi 14,160,000, ya kulipwa ndani ya siku 30, na bei ilikuwa ya mzigo kufikishwa hadi mlangoni kwetu. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyotuokoa baadaye, kwa hiyo msomaji ayashike.

Lori liliingia saa 10 jioni. Ilikuwa saa mbaya, kwa sababu vibarua wamechoka, giza liko karibu, na dereva anataka kuwahi mzigo wa kurudi nao. Katika hali hiyo ndipo maduka mengi hupoteza pesa. Mtunza stoo anahesabu mstari mmoja wa mbele, anazidisha kwa makadirio, anasaini. Wiki moja baadaye anagundua kijivu hakifiki, anapiga simu Dar, na anajibiwa kwa upole kabisa kwamba delivari noti imesainiwa safi.

Mtunza stoo wetu ni dada ambaye haharakishwi. Kabla hata turubai halijafunguliwa alipiga picha za kamba zilivyofungwa, kisha picha za mzigo ulivyokaa kabla boksi la kwanza halijaguswa. Wengi hupiga picha baada ya kushusha, wakati kilichovunjika kimeshalala sakafuni na hakuna anayeweza kusema kilivunjikia wapi. Picha ya mzigo ukiwa bado juu ya lori ina ushahidi ambao hauwezi kupatikana tena. Katika kisa hiki ilionyesha mambo mawili. Kwanza, kijivu kilipangwa mbele kabisa, kimebana na ukuta wa kabini, mistari imelingana kimo na haina pengo. Pili, krimu ya nyuma, safu za chini, ilikuwa imelaliwa na safu za juu zilizoegemea upande mmoja, na pembe za maboksi zilishapondeka. Lori lililopanda Kitonga likiwa na mzigo usiobanwa kwa nyuma hufika hivyo.

Kuhesabu kulifanywa na watu wawili. Mmoja alisimama kwenye mkia wa lori, mwingine kwenye mlango wa stoo, kila mmoja na karatasi yake iliyoandikwa jina la bidhaa bila idadi. Ukimpa mhesabuji karatasi yenye namba 200, macho yake yatatafuta 200. Ukimpa karatasi tupu, atahesabu kilichopo. Walipiga vijiti vitano vitano na kulinganisha kila safu ilipokwisha, si mwisho wa mzigo, kwa sababu tofauti ikijulikana mwisho huwezi tena kujua iliingia wapi na inabidi uanze upya. Krimu ilitoka 400. Kijivu kilitoka 188. Wakarudia kijivu kikiwa kimeshapangwa stoo, kikatoka 188 tena.

Kati ya krimu, maboksi 26 yalikuwa na dalili. Mengine pembe zimeingia ndani, mengine nje ni mazima ila ukiyainua na kuyatikisa kidogo unasikia vipande vikisagana. Hayo 26 yaliwekwa kando. Hayakufunguliwa hapo hapo, maana dereva asingesubiri, na kuhesabu kigae kimoja kimoja kwa haraka gizani kungetupa idadi ambayo sisi wenyewe tusingeiamini kesho yake.

Kwenye delivari noti ndipo haki hupatikana au hupotea, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Karatasi ile huwa na nakala tatu zenye kaboni: moja inabaki kwa mpokeaji, moja ya dereva, moja inarudi kwa msambazaji. Mtunza stoo akiandika upungufu kwenye nakala yake peke yake baada ya kuichana, ameandika barua kwa nafsi yake. Maneno lazima yaandikwe nakala zikiwa bado zimeshikana, kwa kukandamiza kalamu, ili yatokee kwenye zote tatu. Aliandika hivi:

"Nimepokea maboksi 588 kati ya 600. Kijivu yamekuja 188 badala ya 200, pungufu 12. Krimu yamekuja 400. Kati yake 26 yamepondeka au yana vigae vilivyovunjika, yametengwa, idadi kamili itakuwa kwenye GRN. Krimu 374 zilizobaki ni salama kwa nje, ndani hazijakaguliwa."

Chini yake tarehe, saa, namba ya lori na jina lake. GRN ni hati yetu wenyewe ya kupokea mzigo. Tazama jinsi maneno yale yanavyofunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Upungufu umetajwa kwa rangi na kwa namba, hauwezi kubishaniwa kama "kulikuwa na upungufu kidogo." Wakati huo huo, yale 374 hayakuandikwa kuwa mazima, yameandikwa kuwa salama kwa nje. Kuna maduka yana muhuri wa "imepokelewa bila kukaguliwa" wanaoupiga kila karatasi, kila siku, kila mzigo. Kwa maoni yangu muhuri ule una nguvu ndogo sana. Msambazaji anajua unapigwa hata mzigo ukiwa mzima, na haumwambii chochote kuhusu mzigo huu.

Dereva aligoma kusaini. "Dada, nikisaini hapo tajiri atanikata mshahara," alisema, na hofu yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu matajiri wengi wa malori hukata kwanza na kuuliza baadaye. Mtunza stoo hakubishana naye. Alimwonyesha picha za safu za kijivu zilizobana, akamwambia: "Kaka, saini yako inasema tumehesabu pamoja, haisemi umechukua. Na hapa naongeza kwamba turubai lilikuwa limefungwa na kijivu hakikuwa na pengo. Haya maneno yanakulinda wewe." Akayaongeza, dereva akasaini. Angekataa hadi mwisho, tungeandika "dereva amekataa kusaini," saa, namba ya lori, na jina na saini ya shahidi asiye mfanyakazi wetu, kama jirani wa duka la pili.

Asubuhi yake yalifunguliwa yale 26. Kigae kilichovunjika vipande viwili kila mtu anakiona. Kinachotaka ujuzi ni kile chenye ufa mwembamba kama unywele ambao haujafika juu ya rangi. Unakishika kwa vidole viwili pembeni, kinaning'inia, unakigonga katikati kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia mlio mkali unaodumu. Chenye ufa hutoa sauti fupi, butu, iliyokufa. Fundi akikipanga hicho sakafuni kitapasuka siku anapokipiga nyundo ya mpira, na mteja atarudi kwetu, hatarudi Dar. Kwa njia hiyo, katika vigae 312, vibovu vilikuwa 121 na vizima 191.

Vizima 191 vilitoa maboksi 15 kamili na kubaki vigae 11. Kabla ya kuvichanganya, tulihakikisha namba ya bechi iliyopigwa ubavuni mwa kila boksi ni moja. Vigae vya jina moja na rangi moja vilivyochomwa siku tofauti hupishana kivuli kidogo, na tofauti hiyo haionekani hadi sakafu nzima imekauka. Kwa bahati yote 26 yalikuwa ya bechi moja. Basi maboksi yaliyopotea kwa kuvunjika yakawa 11, na vigae 11 vya ziada vikatengwa pamoja na vibovu ili mtu wa msambazaji akija avikute.

Sasa tuje kwenye kuingiza kwenye mfumo, na hapa nina neno zito. GRN inaandika kilichofika, si kilichoandikwa kwenye ankara. Jioni ile mfumo wetu uliingia 562 kwenye stoo ya kuuza, yaani krimu 374 na kijivu 188, na 26 kwenye stoo ya dameji ambayo muuzaji hawezi kuuza kutoka humo. Kesho yake 15 yakahamishwa kwenda stoo ya kuuza, ikawa 577, na 11 yakabaki dameji yakisubiri uamuzi. Kishawishi kikubwa, ambacho nimekikuta kwenye maduka mengi, ni kuingiza 600 "ili ilingane na ankara," kwa sababu msambazaji ameahidi kwa simu kuleta 12. Matokeo yake ni kwamba mfumo unaonyesha kijivu 200, muuzaji anamuahidi mteja 200, anapokea pesa za 200, na fundi anakwama sakafu ikiwa imebaki chumba kimoja. Mbaya zaidi, siku ya kulipa ankara hakuna kitu kinachopiga kengele. LPO, yaani oda yetu ya maandishi, inasema 600, GRN inasema 600, ankara inasema 600, vyote vimelingana, na malipo yanatoka yote. Ahadi ya simu haina mahali pa kukaa kwenye vitabu.

Kwa upande wetu, ankara ilipoingizwa mfumo ulikataa kuipitisha kwa sababu LPO na ankara zilisema 600 na GRN ilikubali 577. Tofauti ya 23, yaani shilingi 542,800, ikabaki kwenye akaunti ya msambazaji ikiwa na alama ya mgogoro. Huko ndiko inakotakiwa kukaa, mahali ambapo kila anayefungua akaunti anaiona.

Taarifa kwa msambazaji ilienda mara mbili. Jioni ile ile mtunza stoo alimtumia muuzaji wao picha kwa WhatsApp pamoja na picha ya delivari noti iliyosainiwa. Kesho yake mchana nilituma barua pepe kwa muuzaji na kwa idara yao ya hesabu, maana muuzaji hulipwa kwa kuuza, na madai hayamletei chochote, kwa hiyo yakiachwa mikononi mwake peke yake hulala. Barua ilikuwa fupi: namba ya LPO, namba ya ankara, namba ya delivari noti, kijivu pungufu 12, krimu zilizovunjika 11, thamani 542,800 pamoja na VAT, tunaomba krediti noti, yaani hati ya kutupunguzia deni, kwa zote 23. Kisha sentensi mbili zaidi: vibovu viko stoo kwetu kwa siku 14, njooni mvikague, baada ya hapo tutavitupa. Na: tafadhali tutumieni karatasi yenu ya kupakilia ya mzigo huu.

Majibu yalikuja baada ya siku nne. Kuhusu kijivu, walisema walipakia 600 na dereva alisaini 600 alipotoka, kwa hiyo tumtafute mwenye lori. Kuhusu krimu, walisema zimevunjikia njiani, kwa hiyo tumtafute mwenye lori. Ni jibu la kawaida, na nusu ya wanunuzi huishia hapo, wanaanza kumpigia simu mwenye lori wasiyemjua na ambaye hawana mkataba naye.

Swali la kujiuliza ni moja tu: nani alikodi lori? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inachukulia kwamba pale muuzaji anapotakiwa kumpelekea mnunuzi mzigo, kumkabidhi msafirishaji huhesabika kwa kawaida kuwa ni kumkabidhi mnunuzi, isipokuwa mkataba useme vingine. Tungekuwa tumekodi lori wenyewe pale Dar, mzigo ungekuwa wetu tangu geti lao, na kuvunjika kwa krimu kungekuwa kati yetu na mwenye lori. Lakini LPO yetu iliandika bei ya kufikishwa Makambako, na lori walikodi wao. Kwa hiyo mkabidhiano ulikuwa mlangoni kwetu. Wao ndio wenye mkataba na mwenye lori, wao ndio wa kumtafuta. Sheria hiyo hiyo inampa mnunuzi aliyeletewa pungufu haki ya kukataa mzigo wote, au kuupokea na kulipa kilichofika kwa bei ya mkataba. Pia inamhesabu amekubali mzigo akikaa nao muda wa kutosha bila kusema neno, na hii ndiyo sababu nasisitiza taarifa itoke siku ile ile. Niliwajibu hivyo kwa aya moja, bila ukali, nikaomba tena karatasi ya kupakilia.

Karatasi ilipofika, ilimaliza mgogoro wa kijivu yenyewe. Kwenye mstari wa kijivu, karani wao wa stoo alikuwa ameandika kwa kalamu "188 + 12 stoo B." Maboksi 12 yalitakiwa kuchukuliwa ghala lingine, lori likaondoka kabla hayajaletwa, na delivari noti ilishachapwa 200. Dereva alisaini alichokuta kimechapwa. Hapo ndipo picha ya safu zilizobana bila pengo ilipopata maana: kitu kikitolewa njiani kwenye mzigo uliobana kinaacha nafasi, au safu zinalegea. Kisichopakiwa hakiachi alama yoyote. Kama pungufu lako ni namba ya kukata, kama 10 au 12 au safu nzima, na mzigo haujaguswa, shuku ghala la wao kabla hujashuku barabara.

Kuvunjika kulichukua muda zaidi. Walituonyesha mgongo wa delivari noti, ambako kwa herufi ndogo imeandikwa kwamba kuvunjika kusikozidi asilimia 1 ni kwa mnunuzi. Asilimia 1 ya krimu 400 ni maboksi 4, kwa hiyo walikubali 7 kati ya 11. Hoja yetu ilikuwa kwamba sharti hilo halikuwemo kwenye nukuu ya bei wala kwenye LPO waliyoikubali. Limetokea kwenye karatasi iliyokuja na lori, baada ya makubaliano kukamilika, na huwezi kumwongezea mtu sharti wakati unamshushia mzigo. Bado naamini hoja ilikuwa na nguvu. Lakini mama mwenye duka ananunua kwao kila mwezi, na alitaka lile suala liishe kabla ya oda inayofuata. Aliamua tubebe yale 4. Ni uamuzi wa biashara na ni haki yake. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hayo 4 yanaonekana kwenye vitabu kama hasara ya kuvunjika, shilingi 80,000 bila VAT, na hayabaki kwenye stoo ya dameji mwaka mzima yakijifanya mali.

Malipo hatukuyashikilia yote. Siku ya 30 tulilipa 13,617,200, ambayo ni thamani ya maboksi 577, na kwenye barua ya malipo tukaandika mstari mmoja unaosema 542,800 imezuiwa kwa madai ya maboksi 23. Ukizuia ankara nzima ya milioni 14 kwa ajili ya laki tano, unampa msambazaji lalamiko halali dhidi yako, na mazungumzo yanageuka kutoka deni lake kuwa deni lako. Ukilipa yote na kungoja huruma, madai yanakuwa mwisho wa foleni yake. Kuzuia kiasi kile kile kinachobishaniwa, kwa maandishi, ndiko kulikoifanya idara yao ya hesabu itupigie simu wenyewe.

Krediti noti ilitoka kwa maboksi 19, yaani kijivu 12 na krimu 7: shilingi 380,000, VAT 68,400, jumla 448,400. Tulikagua mambo matatu kabla ya kuikubali: imetaja namba ya ankara ya awali, imetenganisha VAT, na imeeleza sababu kwa kila mstari. Ankara ya kwanza ilishaingia kwenye hesabu zetu za VAT kwa kiasi kamili, kwa hiyo zile 68,400 ilibidi zipunguzwe kwenye VAT ya manunuzi ya mwezi ule tulipopokea krediti noti. Duka linalosahau hatua hii litakumbushwa siku TRA wanapolinganisha vitabu vyake na vya msambazaji. Kisha tukalipa 94,400 za yale 4, na ankara ikafungwa.

Kijivu 12 tulikuwa bado tunakihitaji. Muuzaji wao alipendekeza kuzileta "bure" kwenye lori linalofuata badala ya krediti noti, na watu wengi hukubali kwa kuwa inasikika rahisi. Mimi huwa nakataa. Mzigo wa fidia usio na ankara hupita geti bila karatasi inayoeleweka, au mfumo wao unachapa ankara mpya wenyewe na mwezi ujao unadaiwa 283,200 za kitu ulichokwisha kulipia. Ni safi zaidi upungufu ufutwe kwa krediti noti na zile 12 ziagizwe kwa LPO yake, ziletwe kwa delivari noti yake, zilipwe kwa ankara yake na risiti yake ya EFD. Ndivyo ilivyofanyika. Zilipofika zilikuwa za bechi nyingine, kama tulivyohofia, kwa sababu bechi ya kwanza ilikuwa imekwisha kwao. Mtunza stoo alizipanga peke yake na kuandika namba ya bechi kwa chaki mbele ya fungu, na ziliuzwa kwa mteja wa choo kimoja aliyehitaji maboksi 9, kisha tatu zilizobaki kwa mwingine wa kibaraza.

LPO zetu za vigae tangu wakati huo zina mistari mitatu iliyoongezwa chini ya bei: mkabidhiano ni stoo ya Makambako baada ya kuhesabu na kukagua, masharti yaliyo nyuma ya delivari noti hayabadilishi oda hii, na maboksi yote ya rangi moja yawe ya bechi moja, ikishindikana tuambiwe kabla ya kupakia. Msambazaji alisaini oda ya kwanza yenye maneno hayo bila kuuliza. Kwenye ya pili alipiga simu kuomba mstari wa kati ulegezwe, na mama mwenye duka akakubali kuvunjika kwa nusu asilimia, ila kukaandikwa kwenye LPO yenyewe.